Shavu Langu la Kushoto

Babu yangu aliniita mke wangu tangu siku niliyozaliwa. Kwetu, kwenye vilima vya Kisarawe, hilo halimshangazi mtu. Kila babu ana ruhusa ya kumwita mjukuu wake wa kike mke, kumlalamikia kwamba hajui kupika, kumtishia kwamba ataoa mwingine. Na mjukuu ana ruhusa ya kumjibu kwa jeuri ambayo akimjibu nayo baba yake atachapwa. Ni utani, na kila mtu anajua unapoishia.

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada. Bibi, mke wake wa kweli, alifariki, na siku ya arobaini yake, watu wamekusanyika kusoma hitima, mama akashikwa na uchungu akanizaa mimi. Nilipewa jina la bibi kabla hata sijanyonya. Basi babu na mimi tukawa na mchezo wetu wa kila jioni. Ananiletea uso wake barazani, macho yake meupe kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho uliomfunika miaka mingi kabla sijaja duniani, na anasema, "Mke wangu, chumvi umeiweka wapi leo? Mboga haina ladha."

"Nimeiuza, mume wangu. Nimenunua kanga."

Hapo hucheka. Babu alicheka kwa mabega, bila sauti, mikono ikiendelea kusokota kamba za vitanda ambazo ndizo zilizokuwa kazi yake. Vidole vyake viliona kuliko macho ya watu wengi. Akishika kamba ya mtu mwingine aliweza kusema ilisokotwa na mtu mvivu au mwenye hasira, na mara nyingi hakukosea.

Nilikuwa na miaka saba, naingia wa nane, enzi za Mwingereza, baba akifanya kazi kwenye genge la reli huko Ruvu, na mwaka ule hakupata ruhusa ya kurudi nyumbani mpaka mwisho wa mwaka. Mvua zilikuwa zimekwisha, upepo wa kiangazi unavuma mchana kutwa, midomo imetupasuka sote. Sisi watoto tulishinda juani tukilinda mpunga uliotandazwa kwenye mikeka usiliwe na kuku. Siku moja shangazi, akipepeta mchele, aliniita nimsaidie. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, aliyeachika akarudi nyumbani, na tangu bibi afe yeye ndiye aliyeishika nyumba. Aliinua uso, akaniangalia, na ungo wake ukasimama hewani.

"Geuka," akasema. "Huku. Kwenye mwanga."

Nikageuka. Alinitazama shavu la kushoto kwa muda mrefu mpaka nikadhani nina mdudu. Halafu akaweka ungo chini polepole sana, kama mtu anayeweka kitu karibu na nyoka, akaingia ndani. Mchele ulibaki pale mpaka kuku wakaula. Hilo peke yake lilinitia hofu, maana shangazi hakuwahi kumwachia kuku hata punje.

Shavuni nilikuwa na baka lililopauka, kubwa kiasi cha thumuni, ile sarafu ya senti hamsini. Halikuuma. Nilikuwa nalo kwa wiki kadhaa na sikulijali, kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na kioo.

Kwa nini lilimtisha shangazi nilikuja kujua baadaye, kidogo kidogo, kwa kusikiliza nyuma ya mlango. Bibi alikuwa na mbalanga. Ilianza, kwa mujibu wa shangazi, kwenye shavu la kushoto, kama thumuni. Kisha ikaenda kuzunguka macho, midomo, ncha za vidole, mpaka mikono yake ikawa kama imevaa glavu za maziwa na nyusi moja ikageuka nyeupe. Hapakuwa na mtu nyumbani kwetu aliyejua kutofautisha mbalanga na ukoma. Au walijua, lakini hofu haikuwapa nafasi. Bibi alihamishiwa chumba cha nyuma. Alipewa bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu, na bakuli hilo halikuoshwa na vyombo vingine. Watoto wake walimsalimu kutoka mlangoni. Aliishi hivyo miaka minne, na aliyemtengea lile bakuli alikuwa binti yake mwenyewe, shangazi.

Kwa hiyo shangazi aliponiona shavuni hakuona ugonjwa. Aliona mama yake amerudi kuuliza.

Mama yangu, yeye, aliona uchafu. Alikuwa mtu wa Soga, amezaliwa karibu na stesheni, na hakuwa na subira na mambo ya wafu wa kwetu. Alinikalisha kwenye kigoda akanisugua kwa dodoki na sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, asubuhi na jioni. Baka lilipozidi akaongeza ndimu. Alikata ndimu mbili na kunipaka maji yake mashavuni, kisha nikaenda kulinda mpunga juani. Uso uliniwaka mpaka machozi yakanitoka. Baada ya wiki mbili nilikuwa na baka la pili shavu la kulia, na la tatu dogo kidevuni, na yote yalikuwa yakitoa unga mweupe kama ninatoka kinuni.

"Unaona?" shangazi alimwambia mama. "Linatembea. Lilivyotembea kwa marehemu."

Mama aliacha kunisugua. Alikuwa na ndimu mkononi na nilimwona anaitazama kama hajui ni ya nini.

Jioni hiyo chakula changu kilikuja kwenye bakuli la bati lenye ukingo wa buluu. Sikujua kwamba bado lipo duniani. Shangazi alikuwa amelificha miaka yote hiyo, hakulizika wala kulitupa, na sasa aliliweka mbele yangu kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo mtoto wa miaka saba hapewi. "Karibu," aliniambia. Hakuniita jina. Hakuniangalia.

Na babu aliambiwa kwamba marehemu amerudi usoni mwangu.

Nataka nieleze vizuri jinsi mchezo wetu ulivyobadilika, maana ndiyo sehemu inayonirudia mpaka leo nikiwa peke yangu. Siku mbili za mwanzo hakuniita barazani. Siku ya tatu aliniita nikae kwenye kigoda cha bibi, mbali naye kidogo, na hakunyoosha mkono kunipapasa kichwa kama kawaida yake. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Kile kisu changu kidogo cha kukatia kamba. Mwaka ule nilikitafuta sana. Ulikiweka wapi?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeacha kamba.

Sasa, mimi nilikuwa ninapanda darini kuiba korosho za shangazi, na huko darini, ndani ya kapu la mbegu za zamani, nilikuwa nimeona kisu kidogo chenye kutu. Hilo la korosho nisingelisema hata kwa viboko. Nikajibu tu, "Darini, mume wangu. Kwenye kapu la mbegu."

Shangazi alikuwa mlangoni. Nilimsikia anavuta pumzi. Akaweka ngazi, akapanda, na aliposhuka alikuwa ameshika kisu kwa ncha ya kanga yake. Alikiweka mapajani mwa babu. Babu akakipapasa upande mmoja, upande wa pili, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona na sikuipenda. Nilitaka kusema ukweli, nilitaka sana, lakini ukweli ulikuwa na korosho ndani yake.  Watu wazima wote wa nyumba ile walilala siku hiyo wakiamini, na mimi niliwaacha waamini kwa ajili ya wizi wa konzi mbili za korosho.

Kesho yake shangazi alinihamishia chumba cha nyuma.

Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la kiasi cha kupitisha paka, na ukutani, juu ya kitanda, doa jeusi la mafuta ya nywele pale bibi alipozoea kuegemeza kichwa. Nilikatazwa kutoka mchana. Kuanzia hapo nilisikia nyumba kama alivyoisikia yeye, sauti za nyuma ya ukuta, kicheko kinachokoma mtu akipita karibu na mlango wangu. Kichwa changu hakikufikia lile doa. Nilijaribu kila siku. Baada ya muda niligundua kwamba nikikunja miguu namna fulani na kuinua kidevu, kinafika. Niligundua pia kwamba nimeanza kukohoa kidogo kabla ya kuongea, jambo ambalo shangazi alikuwa amesema ni la bibi. Sijui nilikuwa naigiza au vipi. Mtoto akiambiwa jambo na watu wote wanaompenda, atalijuaje kuwa si kweli? Nikianza kusinzia niliona mikono yangu mizee.

Mama alikuja kila alfajiri kabla shangazi hajaamka. Alikuwa ameacha ndimu, kwa majuto tu, kwa sababu aliona inaniumiza. Aliniosha uso kwa maji matupu, akanipaka mafuta ya nazi aliyokuwa akiyapika mwenyewe, na alinipaka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yeye ndiye mtu pekee aliyenigusa siku hizo.

Na mabaka yakafifia. Ikafika wiki ya tano au ya sita mtu ilibidi atafute ndipo ayaone.

"Marehemu amerudi chumbani kwake," shangazi alisema. "Ametulia."

Kisha korosho zikaiva, kila mkono ukahitajika shambani, na nikatolewa kwenda kuokota. Siku kumi za jua kali zilitosha. Mabaka yalirudi yote matatu, mahali pale pale, yanaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Watoto waliacha kuokota upande wangu. Hata mama, siku hiyo, nilimwona anaogopa, na mama alipoogopa mimi nilikwisha.

Shangazi akaamua. Alituma mtu kumwita fundi mmoja kutoka bondeni, karibu na mto Ruvu, aliyejulikana kwa kutibu sugu na nyayo zilizopasuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Sisi tuliozaliwa kwenye mikorosho tunayajua mafuta yale. Ni meusi, mazito, yanakaa katikati ya ganda, na mtoto akibangua korosho mbichi kwa meno anaamka na midomo iliyovimba yenye malengelenge. Fundi angeyapaka mashavuni mwangu. Weupe ungeungua, ngozi ingetoka, na bibi angeondoka pamoja nayo. Ilipangwa iwe Ijumaa.

Jumatano mama alimwambia shangazi kwamba anakwenda kumsabahi ndugu yake Kisarawe mjini na kwamba atakwenda nami, kunitoa kijijini kidogo watu wapumzike. Alinifunika kichwa kwa kanga yake mpaka puani. Tulitembea kwa miguu tangu jua halijatoka. Hakuwa na ndugu Kisarawe.

Zahanati ilikuwa chini ya boma, nyumba ya bati yenye ukuta wa chokaa, na benchi lililojaa watu. Dresa, mganga msaidizi wa serikali, alikuwa mwanamume mfupi mwenye kaptula iliyopigwa pasi, na harufu ya dawa ya vidonda ilimtoka hata nguoni. Mama alinifunua uso kama mtu anayefunua chungu kilichoungua.

Dresa hakushtuka. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko dawa yoyote. Alinisogeza dirishani, akanishika kidevu kwa mkono mtupu, akaniinamisha huku na huku. Ukucha wake ulikwangua baka taratibu na unga mwembamba ukadondoka.

"Funga macho," akaniambia. "Nikikugusa useme wapi, na kwa kitu gani."

Nikafunga. "Hapa. Pamba."

"Na hapa?"

"Sindano! Unaniumiza!"

"Vizuri. Mwenye ukoma pale penye baka asingelalamika hivi." Akamgeukia mama. "Mnamwogeshea nini uso?"

Mama akamwambia. Sabuni ya mche, dodoki, ndimu. Alipofika kwenye ndimu sauti ilikuwa imeshuka sana.

"Mama, mtoto wako ana ngozi kavu. Angalia na viwiko hivi, na huku nyuma ya magoti alivyojikuna. Ngozi ya shavu imekauka ikashindwa kushika rangi yake vizuri, basi. Kila kiangazi wananiletea watoto kama huyu. Wewe umekausha kilichokuwa kimekauka."

"Lakini yalipotea, bwana dresa. Alipokaa ndani yalipotea. Alipotoka yakarudi."

"Jua linamuunguza akawa mweusi kila mahali ila pale palipokauka. Kwa hiyo baka halikukua. Uso wake umezidi weusi, baka likabaki nyuma, ndiyo maana unaliona. Akikaa ndani uso unarudi rangi, vinakaribiana, huoni kitu. Na hayo mafuta ya nazi uliyokuwa unampaka, nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilimhurumia tu."

"Basi mhurumie vivyo hivyo. Ukishamwosha, ngozi ingali na unyevu, mpake. Mafuta ya nazi, au vaselini. Sabuni uiondoe usoni, ndimu uiache kabisa. Jua kali likiwaka afunike kichwa. Haimwambukizi mtu. Lakini sikudanganyi, haitaondoka wiki ijayo. Rangi inarudi kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, na kiangazi kijacho inaweza kuchungulia tena. Akikua itamwacha."

Hapo mama akamweleza habari ya bibi, na ya Ijumaa. Dresa aliweka chini kile alichokuwa ameshika.

"Mafuta ya korosho? Usoni? Hayo yatamwachia kovu la maisha. Na hata ingekuwa mbalanga, ngozi yenye mbalanga ukiijeruhi unaialika zaidi. Sikiliza. Mbalanga ni nyeupe kama maziwa, ukingo wake umekatwa kama kwa mkasi, na vinyweleo juu yake vinaweza kuwa vyeupe. Hili la mtoto limepauka tu, halina ukingo, linaishia taratibu. Lakini njia nyepesi ni mkono. Mbalanga ukiishika haina kitu. Ni ngozi laini kama nyingine, imepoteza rangi peke yake. Hili linakwaruza. Ya marehemu ilikuwaje ukiishika?"

Mama alianza kuikunja kanga aliyonifunika.

"Sijui," akasema. "Hatukumshika."

"Hakuna aliyemshika? Miaka yote? Mama, mbalanga nayo haiambukizi."

 Mama aliangalia mikono yake. "Mumewe," akasema. "Mumewe alikuwa anaingia."

Ijumaa asubuhi moshi wa maganda ya korosho uliamka kabla yangu. Ni moshi unaokwaruza koo, na ulikuwa umejaa uwanja mzima. Fundi alikuwa na chungu kilichotobolewa kitako juu ya kingine, maganda yanapata moto juu, mafuta yanadondoka chini, moja moja, na katikati ya matone uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba niliyahesabu. Alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kama nimekula. Alikuwa amekata unyoya wa kuku kwa ajili ya kupakia.

Mama alimweleza shangazi maneno ya dresa, yote, hadharani.

"Dresa wa serikali anawajua wafu wetu?" shangazi akauliza. "Kisu nani alimwonyesha huyu mtoto? Sema, wifi. Nani?"

Jibu la hilo nilikuwa nalo mimi peke yangu. Nilifungua mdomo. Fundi akachovya unyoya. Ndipo nikalia, na nikiwa nalia nikasema yote, darini, kapu, korosho, konzi mbili, na nyingine nilizokula siku zilizotangulia. Shangazi alitikisa kichwa. Alikuwa amefika mbali mno asiweze kurudishwa na mtoto anayelia.

Ndipo mama alipofanya jambo ambalo mkwe wa kike kwetu hafanyi. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kusimama mbele ya baba mkwe wake. Aliongea naye akiwa nyuma ya mlango, amejifunika, na hata upofu wa babu haukumwondolea heshima hiyo. Siku hiyo alinishika mkono, akavuka uwanja, akapanda barazani, akapiga magoti miguuni kwa babu.

"Baba, nisamehe. Mshike mtoto uso."

"Mwanangu, ondoka hapa," babu akasema. 

"Mshike, baba. Wewe ndiye uliyekuwa unamshika marehemu. Kama ni yeye, utamjua. Ukisema ni yeye, namwacha fundi afanye kazi yake."

Babu alikunja mikono yake kifuani kama mtu anayesikia baridi. Sasa nimekuwa mtu mzima, najua alichokuwa anaogopa. Wakati ule nilidhani ananichukia. Kwa miezi ile yote alikuwa amekaa barazani akiamini mke wake yuko chumba cha nyuma, amerudi, anakumbuka hata kisu kilipo. Hakunigusa kwa sababu alitaka ibaki hivyo.

Tone la mafuta lilidondoka, na jingine. Kisha mkono wake ukaja.

Ulianzia kwenye paji la uso, ukashuka kwenye nyusi, moja, ya pili. Ukafika shavu la kushoto ukasimama. Kidole gumba kikaenda na kurudi juu ya baka. Nilisikia kinavyokwaruza. Kikaenda kidevuni, kikarudi shavuni tena, kama anayeomba kiwe kimekosea.

"Walikuja kuniambia," alisema, wala sijui alikuwa anamwambia nani, "kwamba mke wako ameota weupe. Mimi macho yalikuwa yamekwisha kufungwa. Nikaingia nikamshika uso. Nikatafuta. Hapakuwa na kitu. Nikarudi kesho nikatafuta tena, kila usiku nilitafuta, miaka minne. Uso wake ulikuwa laini vile vile nilivyomwoa. Nikawaambia mnamsingizia. Mkasema mimi sioni." Mkono wake ukaniacha. "Huyu mkavu. Siye."

Akasema tena, "Siye," akalia. Sikuwahi kuona kipofu akilia na sikujua kwamba machozi bado hutoka.

Fundi alifunika chungu chake. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya moshi, na hakuna aliyemsema, hata mama. Babu ndiye aliyeelekeza uso upande wake, kwa kumbukumbu ya hatua zake tu.

"Ninyi mlikuwa mnamwona," akamwambia. "Mngemshika siku moja tu."

Shangazi akaingia ndani. Tulimsikia akipekua. Alitoka na bakuli la bati, akaenda nalo kisimani, akaliosha, kwa muda mrefu sana, kisha akalirudisha akalipanga kabatini pamoja na mengine. Chakula cha mchana siku hiyo alijipakulia ndani yake, na alikula humo mpaka alipokufa. Hatukuwahi kulizungumza. Nilimkasirikia kwa miaka mingi, na bado kidogo namkasirikia, lakini lile bakuli linanizuia kumalizia.

Dresa alisema kweli. Mabaka yalichukua zaidi ya mwaka kuisha. Mama alinipaka mafuta kila nilipotoka kuoga, nikiwa bado nateleza maji, na nilikwenda shamba nimejifunga kanga kichwani kama bi harusi. Kiangazi kilichofuata baka la kushoto lilichungulia, kidogo, likapauka kwa wiki chache, likaondoka. Nilirudi kulala na mama. Chumba cha nyuma kikawa cha kuwekea mpunga.

Babu hakuniita mke wangu tena. Aliniita mjukuu wangu, kwa upole, kama watu wanavyowaita watoto wa jirani. Kila jioni nilikaa karibu naye nikimsubiri aulize chumvi, na yeye alisokota kamba zake. Watu walifurahi kwamba nimepona uso. Hakuna aliyeniuliza kama nimepoteza kitu, na ningeulizwa ningesema ndiyo. Katika chumba kile nilikuwa nimeogopa kila dakika, lakini mtu alikuwa akinisubiri barazani.

Jioni moja, mvua za vuli zimeanza, mama alikuwa amemaliza kunipaka mafuta nikapita mbele ya babu. Akaninusa. Akanyoosha mkono bila kusema, nami nikamsogezea shavu la kushoto. Kidole gumba kikapita. Kikapita tena. Hapakuwa na kitu pale, hapakukwaruza popote, kilikuwa kinatafuta na hakipati.

Alikaa hivyo, mkono usoni kwangu, mvua ikianza kupiga makuti.

"Mke wangu," akasema polepole. "Chumvi umeiweka wapi?"

Nilisubiri acheke. Niliangalia mabega yake. Hayakutikisika.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua tayari ni jibu gani la utani na ni jibu gani si la utani. Nilikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa bibi.

"Iko pale pale, mume wangu," nikamwambia. "Sijaihamisha."